Kitunguu Saumu cha Mjomba Posta

Wenye maduka walimwita Gramu, na jina hilo hakulichukia. Alikuwa mkaguzi wa mizani, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mfupi, aliyetembea bega moja likiwa chini kidogo kwa kuzoea kubeba kitu kizito upande mmoja. Kitu chenyewe kilikuwa sanduku la mbao lenye mawe ya kupimia. Alivaa glavu nyembamba kabla ya kuyashika, kwa sababu jasho la vidole huongeza uzito. Ni kidogo mno, lakini huongeza.

Akifika dukani alisalimu, akaomba kikombe cha chai na daftari viondolewe juu ya mizani, akatazama kama imekaa sawa mezani, kisha akaanza. Jiwe moja katikati, halafu kwenye pembe nne, halafu mawe kupanda, halafu mawe kushuka. Hakumwambia mtu kwamba mizani yake inaiba mpaka jiwe la mwisho limetoka. Kuna muuza nyama aliyewahi kumwomba apunguze maneno mbele ya wateja. Gramu akamjibu kwamba tangu aingie hajasema neno hata moja, na wateja wakacheka, maana ilikuwa kweli.

Aliishi peke yake mitaa miwili kutoka kwa mama yake. Mama alikuwa na miaka sabini na moja na presha ya miaka tisa. Kila asubuhi alikunywa kidonge kimoja baada ya uji, na kila mwezi alikwenda zahanati kuchukua vingine. Hilo lilikuwa limekwisha kuwa jambo la kawaida, kama kufua pazia. Hakuna aliyelizungumza.

Aliyezungumzwa ni Mjomba Posta, kaka mkubwa wa Mama. Alifanya kazi posta miaka thelathini na moja, chumba cha kupanga barua, akastaafu na jina likabaki. Mke wake alifariki miaka minne baada ya kustaafu. Mwanawe, ambaye ukoo mzima ulimwita Mwalimu kwa kuwa ndiyo kazi yake, alimnunulia simu ya maana na kumwingiza kwenye kundi la ukoo, ili asiwe mpweke. Kundi lilikuwa na watu arobaini na watatu. Mwalimu ndiye aliyelifungua na ndiye aliyekuwa admini.

Mjomba aliipenda simu ile kuliko walivyotarajia. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa tayari ametuma maua yenye maandishi ya kuwatakia watu asubuhi njema. Kufikia saa moja alikuwa ametuma gari jeupe linaloteka watoto, namba ya simu ambayo ukiipokea tu pesa zako zinayeyuka, mwanamke aliyezaa watoto tisa kwa mkupuo, na sala ambayo usipoituma kwa watu kumi na wawili utasikia habari mbaya kabla ya Ijumaa. Halafu zikaanza za afya. Ganda la ndimu linayeyusha uvimbe. Maji baridi baada ya kula yanagandisha mafuta tumboni. Kukohoa kwa nguvu kunaokoa mtu mwenye mshtuko wa moyo akiwa peke yake.

Hakuna aliyemkataza. Wengine walijibu kwa mikono miwili iliyokutanishwa, bila kusoma. Wengi walizima sauti ya kundi mwaka mzima. Pembeni walimwita Redio Mbao, wakacheka, lakini mbele yake ilikuwa shikamoo na asante sana mzee wetu. Gramu naye alizima sauti. Baadaye alikumbuka hilo, na hakufurahishwa nalo.

Ilikuwa Jumamosi, kama saa nne asubuhi. Alikwenda kwa mama yake kumbadilishia mpira wa jiko la gesi. Mama alimfungulia mlango, akarudi kukaa, akashika kisogo.

"Shikamoo Mama. Vipi, kichwa?"

"Marahaba. Kizito tu huku nyuma. Labda mto."

Gramu alibadilisha mpira, akaupaka povu la sabuni kuona kama unavuja, akanawa mikono, akafungua kabati la jikoni kutafuta kitambaa. Hapo akaona pakiti za vidonge. Zilikuwa tatu, kila moja na vidonge kumi. Mbili hazijaguswa. Ya tatu ilikuwa na vitano. Tarehe ya zahanati, iliyoandikwa kwa kalamu juu ya bahasha, ilikuwa ya siku ishirini na sita zilizopita.

Kando ya bahasha kulikuwa na chupa ya kioo yenye maji ya rangi ya maziwa, na ndani yake punje za kitunguu saumu zimelala chini.

"Mama, vidonge umekunywa lini mara ya mwisho?"

"Nimepumzika kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Mama alinyoosha kanga magotini. "Wiki tatu. Vile vidonge vinaharibu figo, mwanangu. Daktari bingwa amesema. Kaka kautuma ujumbe, ukiutafuta utauona. Unaloweka punje saba, unakunywa asubuhi, siku ishirini na moja presha inakwisha kabisa. Mimi nimebakiza mbili. Na nimejisikia vizuri tu, hata miguu haivimbi."

"Na kichwa?"

"Nimekwambia, mto."

Gramu aliita bajaji, akamfunga mama yake mtandio, wakaenda zahanati.

Muuguzi wa chumba cha vipimo alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alimkalisha Mama dakika tano bila kumpima, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza, akamwambia asiongee. Mashine ilivuta, ikatoa pumzi, ikaandika mia moja themanini na sita kwa mia moja na kumi na mbili. Akasubiri, akapima mkono wa pili. Haikuwa tofauti. Alimuuliza Mama kama kifua kinauma, kama anaona ukungu, kama upande mmoja wa mwili umelegea. Mama alikataa yote. Daktari akaitwa, akamwangalia, akaagiza wapime mkojo na damu, kisha akamwambia arudie kidonge chake siku ile ile.

"Kimoja," muuguzi alisisitiza walipokuwa wakitoka. "Usije ukameza vitatu ili kufidia. Kimoja kila siku kama zamani, na Jumanne urudi nikupime. Kichwa kikizidi, au ulimi ukawa mzito, usisubiri Jumanne."

Mama aliuliza kwa aibu kidogo kuhusu figo.

"Figo inaharibiwa na presha yenyewe, mama. Kidonge ndicho kinachoilinda. Kuna vidonge vingine vya maumivu vinaumiza figo ukivila hovyo, labda ndipo walipochanganya. Na presha haina adabu ya kukuita. Unajisikia mzima huku inapanda." Alikunja ule mshipi wa kupimia. "Wewe ni wa nne mwezi huu. Wote kitunguu saumu. Kitunguu kipike kwenye mboga, hakina ubaya. Lakini si cha kuweka mahali pa dawa."

Jumapili asubuhi Gramu alimpigia Mwalimu.

"Baba nimemwambia mara mbili," alisema Mwalimu. "Anasema mimi najifanya msomi."

"Si wewe ndiye admini? Unaweza kufunga kundi, wakawa wanaandika maadmini tu."

"Nikifunga atajua ni mimi. Na kundi lenyewe nimemfungulia yeye. Wewe mwambie. Wewe anakuheshimu."

Gramu akakata simu, akakaa mezani na kuandika. Ujumbe wa kwanza ulikuwa mfupi na mkali. Ulisema: "Karibu umuue mama yangu." Aliusoma kwa sauti, akaufuta. Wa pili ulikuwa mrefu, una maelezo ya moyo na mishipa aliyoyapata kwenye mtandao wa wizara ya afya, na alipousoma aliona ni hotuba. Mtu wa miaka sabini na sita hawezi kuhutubiwa na binti wa dada yake. Akaufuta na huo. Akatafuta ule ujumbe wa Mjomba kwenye kundi, akapanda juu siku ishirini na sita, akaupata kati ya maua na habari ya nyoka wa vichwa viwili. Ulikuwa na vishale viwili juu yake, na neno dogo la kuonyesha umesambazwa mara nyingi. Aliusoma mara tatu. Kisha akaandika wa tatu, kwa Mjomba peke yake, si kwenye kundi:

"Shikamoo Mjomba. Naomba nikwambie jambo moja, na nimelileta kwako tu. Tarehe tatu ulituma kwenye kundi ujumbe wa kitunguu saumu na presha. Mama aliuamini kwa sababu ulitoka kwako, akaacha vidonge wiki tatu. Jana tumempima zahanati, presha 186 kwa 112. Daktari amemrudishia dawa, na amesema dawa haiharibu figo, presha ndiyo inayoharibu. Najua ulituma kwa kututakia mema. Ninachoomba ni kimoja: za afya na za kutisha watu usizipeleke kwenye kundi kabla hatujajua nani kaziandika. Ukitaka, nitumie mimi kwanza, nitaulizia. Maua na salamu endelea, tunazipenda. Mpwa wako."

Neno la mwisho kuhusu maua halikuwa kweli kabisa, lakini aliliacha. Akatuma saa nne na dakika kumi. Alama mbili zikatokea, zikageuka rangi. Mjomba amesoma.

Saa nne na dakika ishirini na tano simu ya Gramu ilianza kutetemeka mezani bila kukoma. Alifungua kundi. Ujumbe wake ulikuwa pale, wote, tangu shikamoo hadi mpwa wako, na juu yake neno moja: umesambazwa. Mjomba hakuongeza hata nukta.

Ukoo uliokaa kimya mwaka mzima uliamka. Shangazi mmoja aliandika kwamba siku hizi watoto wanawafundisha wazazi kusoma. Mwingine akauliza presha ya mtu inatangazwa ovyo hivi kwa nini. Binamu mmoja wa mbali akaandika kwamba Gramu amesema kweli, akaambiwa anyamaze, akajitoa kwenye kundi. Mtu akatuma picha ya mtoto analia. Mtu mwingine, ambaye bila shaka hakusoma chochote, akajibu kwa mikono miwili iliyokutanishwa na "amina".

Mama alipiga simu saa sita.

"Nani kakwambia uniandike?"

"Mama, nilimwandikia Mjomba peke yake."

"Namba za presha yangu zimefika kwa wakwe zako wa zamani! Nimepigiwa simu na watu nilidhani wamekufa. Wananipa pole kama maiti. Ungeniuliza kwanza."

Hapo Mama alikuwa na haki. Ujumbe ule ulihitaji ukweli, na ukweli ulikuwa wa Mama. Angeweza kuandika "mtu mmoja katika ukoo", bila kumtaja, ingetosha. Au angeomba ruhusa, na zahanati walikaa saa mbili pamoja kwenye benchi.

"Nisamehe, Mama. Hapo nimekosea."

"Haya. Na kidonge nimekunywa, kabla hujauliza." Simu ikakatwa.

Hakujibu kitu kwenye kundi. Mikono ilimwasha, lakini alijua kila neno atakaloongeza litakuwa kuni. Jumatatu alikagua mizani kumi na tatu, akafunga moja. Jumanne alimpeleka Mama kupimwa. Mia moja sitini na nne kwa tisini na nane. Muuguzi akasema inashuka, tusiharakishe. Jumanne hiyo hiyo, saa kumi jioni, alikwenda kwa Mjomba bila kupiga simu, maana angepiga, asingepokelewa.

Mjomba aliishi vyumba viwili ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vyombo. Chumba cha mbele kilikuwa na kiti cha mbao, kochi la watu wawili, na ukuta mzima wa rafu yenye vijisanduku ambavyo alijitengenezea mwenyewe kwa mbao za makreti. Kimoja bili za maji, kimoja bili za umeme, kimoja barua za watoto, kimoja kamba na gundi. Kila kimoja kina karatasi ya jina kwa mwandiko ulionyooka.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba." Hakumwambia karibu, lakini alisogea pembeni kumpisha. Gramu akaingia, akakaa kwenye kochi.

Chini, mtu alikuwa akipanga sufuria.

"Umenivua nguo," Mjomba alisema hatimaye.

"Mjomba, mimi nilikuandikia wewe. Wewe ndiye uliyepeleka kundini."

"Nilipeleka wapi tena? Nimepata ujumbe, nimeupeleka. Miaka thelathini na moja hiyo ndiyo kazi yangu. Barua ikija haiulizwi ndani ina nini. Haifunguliwi. Haicheleweshwi. Mimi sikuwahi kulalia barua hata moja. Nyie mnataka niwe mtu wa kukaa na barua za watu?" Sauti yake ilipanda, ikashuka. "Na nilikasirika. Hilo nakubali. Nilitaka waone unavyoniandikia."

"Na wameona."

"Wameona. Leo siku ya tatu hakuna aliyenipigia hata mmoja. Wameandika weee kunitetea, lakini aliyepiga ni mama yako tu, naye kanitukana."

Gramu alicheka kabla hajajizuia. Mjomba akatazama pembeni, mdomo ukimcheza kidogo. Ndipo Gramu akaiona dirishani, nyuma ya pazia, chupa ya kioo yenye maji ya rangi ya maziwa.

"Hiyo ni yako?"

"Ya nani tena? Kwani naishi na nani?"

"Mjomba, nawe una presha?"

"Tangu mama watoto afariki." Aliinuka, akaenda kwenye rafu, akavuta kijisanduku kilichoandikwa DAWA, akakiweka mapajani mwa mpwa wake. Ndani pakiti zilipangwa kwa tarehe, za zamani mbele, na zote za mwezi ule zilikuwa nzima. "Sikumpa dada yangu kitu ambacho mimi mwenyewe sinywi," alisema. "Wewe ulidhani natuma tu."

Gramu alikuwa amedhani hivyo hasa. Aliangalia zile pakiti, kisha akatoa simu.

"Mjomba, naomba nikuulize la kazi. Barua ikikosa aliyepelekewa, mlifanya nini?"

"Inarudi kwa mtumaji. Anwani yake iko nyuma ya bahasha."

"Na ikikosa mtumaji pia?"

"Hiyo ni mfu. Inakwenda ofisi kuu, meza yake maalumu. Pale tu ndipo inafunguliwa, na mtu aliyeapishwa."

"Huu wa kitunguu saumu mtumaji wake nani?"

"Kanitumia rafiki yangu wa zamani, wa kaunta ya vifurushi."

"Yeye aliuandika?"

"Hapana. Naye katumiwa."

Gramu alimwonyesha vile vishale viwili, akamweleza maana yake: umeshapita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia. Kisha akanakili mstari mmoja wa katikati, ule wa punje saba na siku ishirini na moja, akautafuta mtandaoni, ukiwa ndani ya alama za kunukuu ili yaje maneno yale yale. Yakaja. Miaka mitatu nyuma, maneno yale yale, daktari bingwa mwenye jina jingine, hospitali ya nchi nyingine. Mwaka uliofuata, maneno yale yale, safari hii ugonjwa ni kisukari na punje ni tisa. Mjomba alivaa miwani, akachukua simu, akasoma yote mawili, kidole kikifuata mistari.

"Wamebadilisha bahasha," alisema.

"Na huyu daktari wa kwetu, namba yake ipo chini. Piga."

Alipiga, akaweka sauti wazi. Mwanamke wa kwenye mtambo akasema namba hiyo haipo. Akapiga tena, pole pole, akitamka kila tarakimu. Namba hiyo haipo. Akaweka simu mezani kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kumwagika.

Kesho yake Gramu aliomba ruhusa ya nusu siku kazini. Mjomba alipimwa na muuguzi yule yule. Ilikuwa mia moja sabini na nane kwa mia moja na mbili, akarudishiwa dawa zake, akaambiwa asiongeze wala asipunguze bila kuuliza. Muuguzi alimuuliza kama ni kitunguu saumu. Mjomba akajibu ndiyo, tena kwa sauti iliyosikika hadi kwenye benchi, na mwanamume mmoja aliyekuwa akisubiri akainamisha kichwa.

Ujumbe wa kurekebisha aliuandika mwenyewe, siku mbili baadaye. Gramu alimwomba mambo mawili tu: asiurudie ule wa uongo wote tena, maana wapo watakaosoma nusu, na aanze na lililo kweli. Mjomba alikataa neno samahani. Alisema samahani atamwambia dada yake uso kwa uso, si kwa shangazi wa watu. Aliandika:

"Mwenye presha asiache dawa bila kumuuliza daktari. Ule ujumbe wa tarehe tatu hauna mtumaji anayejulikana, nimepiga namba yake, haipo. Mimi mwenyewe niliufuata karibu mwezi mzima, nimepimwa, presha imepanda, nimerudi kwenye vidonge. Aliyeacha kama mimi aende zahanati kesho, si keshokutwa. Mliowatumia wengine, watumieni na huu. Mjomba Posta."

Ilikuwa mara ya kwanza yeye kujiita jina hilo. Alikuwa analijua siku zote.

Jioni ile mke wa Mwalimu alimwandikia Gramu pembeni kwamba na mama yake mzazi alikuwa ameacha, wiki ya pili. Mtu mwingine hakusema kama naye ameacha, aliuliza tu zahanati inafunguliwa saa ngapi.

Isidhaniwe kwamba kila kitu kilikaa sawa. Yule shangazi wa watoto wanaofundisha wazazi alifungua kundi lake, akawaita watu ishirini, Gramu hakuitwa. Inasemekana huko nyoka wa vichwa viwili bado yuko hai. Mama alikaa wiki nzima akimjibu binti yake kwa neno moja moja. Na Mjomba mwenyewe aliteleza. Wiki ya pili tu alituma habari ya mchele wa plastiki, akaifuta kwa wote baada ya dakika nane, akaandika "mkono umeteleza", na wengi walikuwa wamekwisha kuisoma. Lakini zilizobaki alianza kuzileta kwa Gramu kwanza, nne au tano kwa siku, kila moja ikifuatiwa na swali lile lile: ipite? Gramu alijibu wakati wa chakula cha mchana. Nyingi alijibu isipite, akaeleza kwa mstari mmoja kwa nini. Nyingine alijibu sijui, na Mjomba alizizuia hizo pia. Mwanzoni ilimuuma, kuilalia barua. Kisha akatengeneza kijisanduku kwenye rafu na kunakili humo kila iliyozuiwa, kwa kalamu, na tarehe.

Kwa kuwa hakuwa na cha kusambaza asubuhi, alianza kuandika mwenyewe. Aliandika kwamba maharage yake yameungua. Aliandika kuhusu barua iliyowahi kukaa miaka kumi na moja nyuma ya kabati la kupangia, na mwenyewe alipopelekewa alikuwa babu. Hiyo watu thelathini waliijibu, na watatu wakapiga simu kuuliza barua ilisema nini.

Miezi minne baadaye, Alhamisi, kulitokea tangazo la maji. Lilisema bomba kubwa limepasuka, maji ya mitaa sita yamechanganyika na taka, watu wachemshe kabla ya kunywa. Mjomba alimtumia Gramu saa mbili asubuhi: ipite? Gramu alikuwa mbali siku hiyo, kwenye mizani kubwa ya malori nje ya mji, mahali pasipo mtandao. Mjomba alisubiri nusu saa. Tangazo lilikuwa na nembo ya idara ya maji, lakini nembo mtu yeyote anaweza kuibandika. Akasubiri robo saa nyingine. Halafu akachukua bili yake ya maji kutoka kwenye kijisanduku chake, akasoma namba ya ofisi iliyochapwa juu, si ile iliyokuwa kwenye tangazo, akapiga. Simu iliita mara tatu bila kupokelewa. Ya nne alipokea kijana wa dawati la wateja, akathibitisha: ni kweli, mitaa ni saba sasa, si sita.

Saa tatu kasoro Mjomba aliandika kwenye kundi: maji yasinywewe bila kuchemshwa, akataja mitaa yote saba, akaweka namba ya ofisi na kusema, "Nimepiga mwenyewe, wamethibitisha." Mama alikuwa wa kwanza kujibu. Aliandika kwamba ameshamwaga mtungi. Watu kumi na tisa walifuata, na mmoja wao, yule binamu wa mbali aliyejitoa na baadaye kurudi, akauliza maji yachemke kwa muda gani.

Mjomba akapiga tena ofisi ya maji kuuliza.